Umesikia neno kliniki lakini hujaliona limeandikwa: jinsi ya kulitafuta

Muuguzi ameongea haraka, foleni ni ndefu, na mtu wa nyuma yako tayari ameitwa. Unatoka nje ukiwa na kadi mkononi na neno moja la Kiingereza masikioni. Umelisikia na unaweza hata kulirudia, lakini hujawahi kuliona limeandikwa. Ukifungua kamusi hujui uanzie ukurasa gani, na ukiliandika kwenye simu unaletewa mambo ya timu ya mpira au jina la mwanamuziki.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili ni tatizo la ajabu kidogo. Kwetu ukisikia "kichwa" unaandika kichwa, na kamusi unaifungua kwenye K bila kufikiri. Kiingereza hakiendi hivyo. Sauti moja inaweza kuandikwa kwa njia tatu au nne, na herufi nyingine zinaandikwa lakini hazitamkwi kabisa. Makala hii ni kwa wale wanaotibiwa katika vituo vinavyotumia Kiingereza, hasa Uganda na Kenya, na zaidi kwa waliosoma kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi. Majirani zetu wenyeji ambao hawakuendelea sana na shule wanakutana na shida hiyohiyo.

Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Baba mmoja kutoka Kivu Kusini amempeleka mke wake na mtoto wa siku tatu kwenye kituo cha afya. Muuguzi amemtazama mtoto machoni, akamgusa paji la uso, akasema mambo kadhaa ambayo baba hakuyapata yote. Neno lililorudiwa ni moja, na yeye amelisikia kama "jondis". Ameambiwa arudi haraka kama "jondis" itaongezeka. Sasa yuko nyumbani na hajui ni kitu gani kinachoweza kuongezeka.

Andika kabla hujafika nyumbani

Kosa la kwanza hutokea njiani. Neno ambalo hujaliona halikai kichwani kama lilivyoingia. Ukitembea nalo nusu saa linaanza kufanana na neno unalolijua, na ukifika nyumbani unatafuta hilo la pili. Kwa hiyo liandike hapohapo mlangoni, kwa herufi za Kiswahili, kama lilivyosikika. Usijaribu kuliandika kwa Kiingereza kwa wakati huo, kwa sababu utachanganya kile ulichosikia na kile unachokisia, na baadaye hutaweza kuvitenganisha.

Pembeni yake andika mambo mawili: lilisemwa kuhusu nini, na muuguzi alikuwa anafanya nini alipolisema. Baba wa mfano wetu angeandika: "jondis, mtoto, aliangalia macho". Maneno hayo machache yatamsaidia baadaye kuliko neno lenyewe.

Kumbuka pia kwamba neno limepita kwenye midomo miwili kabla ya kufika kwenye daftari lako. Muuguzi ana lugha yake ya nyumbani na wewe una yako. Katika lugha nyingi za ukanda huu L na R zinabadilishana, kwa hiyo ukiwa na moja kati ya hizo, jaribu zote mbili. Sisi wazungumzaji wa lugha za Kibantu tunapenda neno liishie na irabu, tunaongeza "i" au "u" mwishoni: "jondisi", "waipu", "testi". Irabu hiyo ya mwisho mara nyingi ni yetu, si ya neno. Ifute kabla ya kutafuta.

Na kuna mpaka wa neno. Kiingereza huweka "a" au "an" mbele ya jina la kitu, na sikio linaviunganisha. Mtu anasikia "analsa" na kuhangaika kwenye herufi A, kumbe muuguzi alisema "an ulcer", yaani kidonda, na kwa kawaida mtu huwa na maana ya kidonda cha tumbo. Kama neno lako linaanza na "a" au "an" na hulipati, ondoa kipande hicho na uanze upya.

Konsonanti ndizo nguzo

Ukishaliandika, liangalie kwa jicho la fundi. Konsonanti ulizozisikia zina uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Irabu hazina. Kiingereza kina irabu nyingi kuliko tano zetu, na sikio letu huzisukuma zote ziingie kwenye a, e, i, o, u. Ndiyo maana "hat" (kofia), "hut" (kibanda), "hurt" (kuumia) na "heart" (moyo) zote zinaweza kusikika kwetu kama "hat". Kliniki, tofauti ya kuumia na moyo si ndogo.

Wazo hili la kuziamini konsonanti lina historia. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya njia ya kupanga majina ya watu kwa sauti badala ya tahajia. Njia iliyotokana na wazo lake inaitwa Soundex, na ilikuja kutumika kupanga faharasa za sensa ya Marekani. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu zote zinazofuata, na konsonanti zinazokaribiana kwa sauti zinapewa namba moja. N ni 5, D ni 3, na S na C zote ni 2. Ukiipa "jondis" inatoa J532. Neno sahihi, ambalo tutalifikia baada ya muda mfupi, nalo linatoa J532, ingawa irabu zake ni tofauti na linaishia na herufi nyingine. Yaani baba wa mfano wetu alikuwa karibu zaidi kuliko alivyodhani.

Lakini angalia udhaifu wake. Kama baba huyo angeliandika neno kwa mazoea ya shule za Kongo, angeandika "djondis", kwa sababu waliosoma Kifaransa huandika "dj" kwa sauti ya J na "tch" kwa sauti ya CH. Hapo Soundex inatoa D253, namba isiyofanana hata kidogo na ile ya kwanza. Herufi ya mwanzo ikikosewa, karibu kila njia ya kutafuta inaanguka. Mkongomani anayetafuta neno la Kiingereza abadilishe kwanza "dj" kuwa J, "tch" kuwa CH, na "ou" kuwa U.

Sauti ya mwanzo inaweza kujificha

Kwa kuwa herufi ya kwanza ndiyo inayofungua mlango, hapa inafaa kukaa kidogo. Maneno mengi ya hospitali yametoka Kigiriki na Kilatini, na Kiingereza kimebakiza herufi zao hata pale kilipoacha kuzitamka.

Ukisikia neno linaanza na sauti ya N na hulioni kwenye N, jaribu "pn" na "kn". "Numonia" inaandikwa "pneumonia", na "nii", yaani goti, inaandikwa "knee". Ukisikia S, jaribu pia C na "ps": "sist", uvimbe wenye majimaji, ni "cyst", na "saikayatrist", daktari wa magonjwa ya akili, ni "psychiatrist". Sauti ya F inaweza kuwa "ph", kama "famasi" inavyoandikwa "pharmacy". Sauti ya K inaweza kuwa C au "ch", kama "cholera". Sauti ya R inaweza kuwa "wr", kama "wrist", kifundo cha mkono. Sauti ya J inaweza kuwa G.

Mkongomani ana mali hapa asiyoijua. Maneno hayo ya Kigiriki yapo pia kwenye Kifaransa, na Kifaransa mara nyingi kinayaandika karibu sawa na Kiingereza, hata kama vinatamka tofauti. Aliyesoma "pneumonie" na "psychiatre" shuleni tayari ameziona herufi hizo. Anachokosa ni kujua kwamba Mwingereza ameiacha P bila kuitamka. Kwa hiyo kabla hujafungua kamusi ya Kiingereza, jiulize kama kuna neno la Kifaransa la ugonjwa unaofanana na kile ulichoambiwa, liandike, na ulinganishe konsonanti.

Neno moja linalosumbua watu wengi kwenye vituo vya lishe ni lile linalosikika "idima". Mhudumu hubonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, akiangalia kama shimo linabaki. "Idima" ni uvimbe huo wa maji, na kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo inayotumika zaidi Afrika Mashariki, linaandikwa "oedema". Hakuna sikio la Kiswahili litakalokisia O hapo. Wamarekani wameiondoa O hiyo na kuandika "edema", kwa hiyo unaweza kukutana na yote mawili. Vivyo hivyo upungufu wa damu ni "anaemia" au "anemia", na kuhara ni "diarrhoea" au "diarrhea". Ukiona tahajia mbili za namna hii usidhani ni magonjwa mawili.

Tumfuate baba kwenye kamusi

Tuseme hana bando leo, ila jirani ana kamusi ya Kiingereza ya karatasi. Anaanza na J. Sauti inayofuata ni O, anaangalia "jon". Hakuna kitu. Hapo watu wengi hufunga kitabu. Lakini tumeshasema irabu haziaminiki, kwa hiyo abakize J, N, D, S na abadilishe irabu ya kwanza tu. Sauti ya O katika Kiingereza mara nyingi huandikwa O, "au" au "aw". Kama amesoma Kifaransa, "au" haimpi shida: ndiyo ile ya "chaud" na "gauche".

Anafungua "jau". Ukurasa huo una maneno machache sana, na mojawapo ni "jaundice". J ipo, N ipo, D ipo, na mwishoni kuna "ce", ambayo katika Kiingereza inatamkwa S. Ndilo.

Akilitazama vizuri ataona kitu kingine. Ndani yake kuna "jaun", na Kifaransa kina "jaune", rangi ya njano, na "jaunisse", ugonjwa wa kugeuka njano. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kifaransa cha zamani na baadaye likaingiziwa D. Kama angejiuliza swali la Kifaransa mapema, kwa kukumbuka kwamba muuguzi aliangalia macho, labda angefika kwa hatua moja. Si kila mara njia hiyo inafanya kazi, lakini haina gharama.

Kwa mwenye simu na bando kazi ni nyepesi zaidi, ila kuna namna ya kuuliza. Usiandike neno peke yake. Liandike pamoja na maelezo uliyoyaweka pembeni, hata kwa Kiingereza kibovu: "jondis baby yellow eyes". Mtambo wa kutafuta hutumia maneno yanayolizunguka kukisia lile lililokosewa. Matokeo yakija, usikimbilie kusoma habari zenyewe. Angalia kwanza juu kabisa kama kuna mstari unaosema "Did you mean" au "Showing results for". Mstari huo ndio unaokupa tahajia, na wengi huupita.

Kama hujui hata maelezo ya pembeni, tovuti ya onelook.com inakubali alama badala ya herufi usizozijua. Nyota inasimama mahali pa herufi zozote, iwe moja au nyingi, na alama ya kuuliza inasimama mahali pa herufi moja tu. Baba wa mfano wetu angeandika `j*nd*`, yaani: inaanza na J, katikati sijui, kisha N na D, mwisho sijui. Orodha inayokuja si fupi, lakini kuipitia kwa macho ni rahisi kuliko kukisia.

Kuna pia alama ya kipaza sauti kwenye simu nyingi, unayoibonyeza na kulisema neno. Itumie baada ya kubadilisha lugha ya kuandikia kwa sauti iwe Kiingereza, la sivyo simu itatafuta neno la Kiswahili au la Kifaransa linalofanana. Mimi huitumia kama njia ya mwisho. Inasikiliza kwa matarajio yake yenyewe, na hulazimisha lafudhi yetu iwe neno ambalo yenyewe inalijua.

Umelipata. Je, ndilo?

Hapa ndipo hatari ilipo, kuliko kwenye kutolipata kabisa. Asiyepata neno atauliza. Aliyepata neno lisilo lake ataondoka na uhakika wa uongo.

Ukaguzi wa kwanza ni wa sikio. Kamusi nyingi za mtandaoni zina alama ndogo ya spika kando ya neno. Ibonyeze na usikilize: je, hiki ndicho ulichosikia? Ukaguzi wa pili ni wa maana. Soma maelezo na uyaweke kando ya ulichoandika mlangoni. "Jaundice" ni kugeuka njano kwa ngozi na weupe wa macho, na muuguzi aliangalia macho. Vinaoana. Kama maelezo yangesema jambo la mguu au la jino, neno lingekuwa jingine hata kama sauti inafanana.

Ukaguzi wa tatu ni kurudi kwenye lugha yako, na mfano wetu unaonyesha kwa nini usiuharakishe. Kwa Kiswahili "jaundice" huitwa manjano au umanjano, lakini utakutana na tafsiri zinazosema "homa ya manjano". Homa ya manjano, kwa maana inayotumiwa na wizara za afya, ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule unaochanjwa na kupewa kadi ya njano mipakani, ambao kwa Kifaransa ni "fièvre jaune". Baba akisoma hivyo anaweza kukimbilia kutafuta chanjo, au kuwaambia majirani kuna mlipuko, ilhali mtoto wake ana hali nyingine kabisa. Njia nzuri ya kuepuka hilo ni kufungua makala ya Kiingereza ya Wikipedia kuhusu neno hilo na kubadilisha lugha kuwa Kifaransa. Kwa "jaundice" utapelekwa kwenye "Ictère", neno ambalo waganga wa Kongo wanalitumia, na si kwenye "fièvre jaune".

Kwa kuwa tumemtumia mtoto huyu kama mfano, tusimwache hapo. Manjano ya mtoto mchanga ni jambo la kawaida. Mara nyingi huonekana siku ya pili au ya tatu na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, huku akinyonya vizuri. Mrudishe kituoni bila kusubiri kama njano ilionekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, kama imefika kwenye viganja na nyayo, kama mtoto hataki kunyonya au ni mgumu kuamka, au kama anashtuka degedege. Njano iliyozidi wiki mbili nayo inahitaji kuonwa, na pia choo kilichopauka kuwa cheupe. Mtazame kwenye mwanga wa mchana, si wa tochi, na kwa mtoto mweusi angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Maneno mawili yasiyotaka kukisiwa

Yapo maneno ambayo sikio halitoshi kabisa, hata la mwenye Kiingereza chake. La kwanza ni jozi ya "hyper" na "hypo". Zinasikika "haipa" na "haipo", tofauti ikiwa irabu moja mwishoni, na tumeshaona irabu zilivyo. Lakini maana zake zinapingana: "hypertension" ni presha ya juu na "hypotension" ni presha iliyoshuka. Ni hivyohivyo kwa sukari ya damu, na huko kosa laweza kuua haraka, kwa sababu aliyeshuka sukari anahitaji kitu kitamu mara moja. Kiswahili kinatusaidia kukumbuka: haipo ni kile kilichopungua, kana kwamba presha haipo. Ila kukumbuka si sawa na kusikia. Ukiambiwa moja ya hayo, uliza kwa mkono: juu, au chini? Muuguzi wa lugha yoyote ataelewa kidole kikielekezwa dari au sakafu.

La pili ni majina ya dawa. "Cotrimoxazole" ni dawa ya kuua bakteria, ya vidonge au ya maji, ambayo Wakongomani wengi wanaijua kwa jina la Bactrim na Waganda kwa jina la Septrin. "Clotrimazole" ni dawa ya fangasi, aghalabu krimu ya kupaka au kidonge cha kuweka ukeni. Yaseme yote mawili haraka na utasikia "kotrimazo". Usitafute jina la dawa kwa kulikisia. Angalia paketi au bahasha, na kama bahasha haina jina, rudi dirishani uombe liandikwe. Una haki ya kujua unachomeza.

Na wakati mwingine neno halipatikani kwa sababu si la Kiingereza. Wahudumu huchanganya lugha, hasa wakichoka. Kituo kilichoko katikati mwa Uganda, "omusujja" ni homa kwa Kiganda, na kamusi ya Kiingereza haitakupa hata ukeshe nayo. Ukishajaribu herufi za mwanzo tatu na irabu zote bila mafanikio, mtafute jirani mwenyeji umtamkie.

Njia fupi kuliko zote inabaki kule kwenye dirisha la kliniki, kabla hujaondoka. Mpe muuguzi kalamu na kadi yako na useme: "Pliz, rait it daun." Maneno hayo manne yanaeleweka katika kila kituo cha Uganda na Kenya. Ukiona aibu kwa sababu ya foleni, mpe mkalimani au mhudumu wa afya wa kijiji kazi hiyo. Akiandika, soma herufi moja moja mbele yake, maana mwandiko wa kliniki tunaujua sote, na "u" na "n" za haraka hazina tofauti.

Baba wa mfano wetu amelinakili "jaundice" nyuma ya kadi ya mtoto kwa herufi kubwa, na chini yake "jondis" kama alivyolisikia. Kesho yake asubuhi atamtoa mtoto nje ya mlango, atamwangalia nyayo kwenye mwanga, na kama ni za njano atajua neno la kuanza nalo akifika.